Mkimbiaji wa pili hakuwa mzito

Jioni ile katika uwanja wa shule moja nje ya Nakuru, kocha alikuwa ameshaamua kumtoa mkimbiaji wa pili. Timu ya wavulana ya mbio za kupokezana kijiti za 4 x 400 ilikuwa ikitafuta dakika 3:20.0, na jaribio lilikuwa limeishia 3:23.2. Daftari la muda lilionyesha hivi: wa kwanza 48.4, wa pili 53.8, wa tatu 51.6, wa nne 49.4. Ukiyasoma hivyo, mwenye kosa yuko wazi.

"Mwalimu, huyu ndiye anatuua," kocha akaniambia.

Nikamuuliza walikimbia leni ya ngapi na mwenye saa alisimama wapi. Leni ya sita, akasema, na saa ilikuwa kwenye mstari wa kumalizia. Hapo ndipo hesabu ilipopotoka.

Katika 4 x 400, wa kwanza hukimbia raundi nzima ndani ya leni yake, na wa pili hubaki humo mpaka kona ya kwanza iishe ndipo aingie ndani. Kwa hiyo leni za nje husogezwa mbele kufidia kona tatu, si mbili kama mbio za kawaida za mita 400. Wa kwanza akirudi kwenye mstari wa kumalizia huwa bado hajatimiza mita 400. Leni ya sita hubaki takriban mita 19, na kijana aliyechoka huzila kwa sekunde mbili na nusu hivi. Sekunde hizo zilikuwa zimeondolewa kwa wa kwanza na kubandikwa kwa wa pili. Jumla haikubadilika, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Tukamrudishia kila mmoja chake kwa kukadiria sekunde 2.6: wa kwanza 51.0, wa pili 51.2. Kuanzia kijiti cha pili hakuna haja ya kurekebisha, maana wote wameshaingia ndani na mstari ni mmoja. Dawa ni mwenye saa kusimama kwenye mstari wa katikati ya eneo la kupokezana la leni yenu, au jaribio lifanyiwe leni ya kwanza. Na iwe saa moja inayohifadhi muda wa kila raundi. Watu wanne wenye saa nne watakupa vipande visivyolingana na jumla.

Kisha tukageuza lengo kuwa sekunde, kwa sababu 3:20 ukiichukulia kama desimali utajidanganya. Mara tatu sitini, ongeza ishirini: 200. Gawa kwa nne, 50.0. (Wakenya Asati, Nyamau, Ouko na Sang walipochukua dhahabu ya Olimpiki Munich mwaka 1972 kwa 2:59.83, wastani wao haukufika sekunde 45.)

Pengo lilikuwa sekunde 3.2. Kocha alitaka kila mmoja apunguze 0.8. Mimi sikubaliani na mgao wa namna hiyo, kwa sababu wastani haujui nani anaanzia kwenye vibao na nani anapokea akiwa tayari mbioni. Tukachukua muda bora wa kila kijana katika mita 400 za peke yake: 50.5, 50.9, 50.4 na 49.5. Wa kwanza tukamwachia wake. Wengine watatu tukawapunguzia 0.7 kila mmoja, faida ya kupokea ukiwa na kasi. Ikatoka 199.2, akiba ya 0.8. Wa tatu tukampa 0.5 ya akiba hiyo, kwa kuwa hupokea katikati ya msukumano, na wenzake 0.1 kila mmoja. Malengo yakawa 50.6, 50.3, 50.2 na 48.9.

Sasa ikaonekana wazi kwamba mwenye deni kubwa alikuwa wa tatu: kutoka 51.6 hadi 50.2. Tuliporudia kupokezana nikamtazama miguu. Alikuwa anasimama tuli, mkono nyuma, akisubiri kijiti kimguse ndipo aanze. Tukamwekea alama ya chokaa: mwenzake akiikanyaga, yeye anaondoka, anapiga hatua chache za nguvu kisha anageuza kichwa kuangalia kijiti. Ndani ya mita 20 za eneo la kupokezana nafasi inatosha.

Mwendo tuliugawa katikati pia. Wa pili, kwa 50.3, alitakiwa kupita mita 200 kwa 24.4 na kumaliza nusu iliyobaki kwa 25.9. Akipita kwa 23.5, nusu ya pili itamdai zaidi ya alichookoa.

Siku ya mashindano walipata 50.5, 50.4, 50.7 na 48.8, yaani 3:20.4. Nusu sekunde ya wa tatu ilipotea mahali pale pale: waamuzi walikuwa wamewapanga wapokeaji kufuata nafasi za timu katika mita 200, timu yake ikapitwa na timu mbili kwenye kona ya mwisho, na kijiti kikamfikia huku amezibwa.