Rekodi Namba 4

Mwaka 2022 tulikuwa watu wanne katika chumba kimoja cha kupanga pale Area C, Dodoma, tukitengeneza mfumo wa chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu upande wa Hombolo. Kazi yenyewe ukiisikia ni nyepesi: kreti inapanda kwenye mizani, karani anaingiza kilo, mkulima anapewa risiti, na siku ya malipo hesabu zinajumlishwa. Mavuno ya Agosti yalikuwa yanakaribia, nasi bado tunabishana tutumie kanzidata ipi.

Kila uamuzi mkubwa tulikuwa tunauandikia rekodi. Desturi hiyo ilienea baada ya Michael Nygard kuielezea mwaka 2011: uamuzi mmoja, faili moja fupi inayokaa pamoja na msimbo, yenye muktadha, uamuzi wenyewe, hali yake na matokeo yake, mazuri na machungu. Hii ilikuwa ya nne.

Mwenzetu mmoja alitaka PostgreSQL kwenye seva ya kukodi. Hoja zake zilikuwa nzito: watumiaji wengi kwa wakati mmoja, ruhusa za kila mtu, aina za data zinazosimamiwa kikamilifu. Mwingine alitaja MongoDB, inayohifadhi data kama nyaraka badala ya majedwali, lakini malipo na mapokezi ni majedwali yanayotegemeana, kwa hiyo hoja hiyo haikukaa sana. Mimi nilisimama na SQLite, yaani faili moja ndani ya kompyuta ileile iliyo kando ya mizani, kwa sababu mtandao wa pale kituoni ulikuwa wa kuja na kuondoka.

Aliyebadilisha mazungumzo ni karani wa chama, mzee aliyekuja mjini kwa shughuli zake akapita kutusalimia. Tulimkaribisha kiti, akasikiliza kidogo, kisha akauliza, "Wanangu, umeme ukikatika mkulima ameshashika risiti, hizo kilo zimo au hazimo?"

Hapo ndipo tulipoacha kubishana tukaanza kujaribu. Tulichukua kompyuta ndogo isiyo na betri, tukaandika programu inayoingiza kreti za kubuni na kutuma namba ya kila moja kwenye printa mara tu kanzidata iliposema imehifadhi. Kisha tukachomoa waya ukutani. Ukiwasha tena, namba ya mwisho kwenye karatasi lazima iwemo kwenye jedwali.

Mara ya kwanza haikuwemo. Faili lilikuwa zima kabisa, halikuharibika hata kidogo, ila kreti chache za mwisho hazikuonekana. Sababu ilikuwa kwenye mpangilio. Katika hali ya WAL, SQLite huandika mabadiliko kwanza kwenye faili la pembeni, na ukiweka `synchronous=NORMAL` kwa ajili ya kasi, haisubiri diski ithibitishe kila muamala. Umeme ukikatika, kanzidata inabaki salama, lakini miamala ya mwisho inaweza kupotea. Kwa wenye tovuti hilo linavumilika. Kwa mkulima mwenye risiti mkononi halivumiliki. Tukabadilisha:

```sql
PRAGMA journal_mode=WAL;
PRAGMA synchronous=FULL;
PRAGMA busy_timeout=5000;
```

Tukachomoa tena na tena. Karatasi na jedwali vikalingana. Kusubiri diski kunakula milisekunde kadhaa, na kreti moja kuishusha na kuipandisha nyingine ni sekunde nyingi tu, kwa hiyo kasi tuliyoitoa hakuna aliyeihisi.

Sehemu ya matokeo ndiyo iliyotuchukua jioni nzima. Tuliandika kwamba mwandishi ni mmoja tu kwa wakati. Wa pili atasubiri hadi sekunde tano, kisha atapata `database is locked`. Tuliandika pia kwamba ni marufuku kunakili faili la kanzidata kwenye flashi wakati mfumo unafanya kazi, maana miamala mipya inaweza kuwa bado iko kwenye lile faili la pembeni. Nakala itolewe kwa `VACUUM INTO`. Na mstari ambao yule mpenzi wa PostgreSQL aliung'ang'ania, kwa haki kabisa: kikifunguliwa kituo cha pili chenye kompyuta yake, uamuzi huu ujadiliwe upya, kwa kuwa WAL haifanyi kazi kupitia folda ya mtandao. Programu zote zinazogusa faili hilo lazima ziwe kwenye mashine moja.

Kituo cha pili kilifunguliwa baadaye. Hatukulifuta faili la rekodi hii. Tuliandika rekodi namba 11, PostgreSQL ikakaa makao makuu ikipokea data kutoka vituoni kila mtandao unapopatikana, na SQLite ikabaki pale kwenye mizani. Kwenye rekodi namba 4 tulibadilisha mstari mmoja tu, ule wa hali: "Imebadilishwa na namba 11." Kijana aliyejiunga nasi mwaka uliofuata alipouliza kwa nini tusiweke `NORMAL` ili mfumo uwe mwepesi, tulimtumia faili hilo, akarudi na swali jingine kabisa, kuhusu printa.