Jinsi nilivyothibitisha kwamba Poisson mbili zikijumlishwa huzaa Poisson

Nilianza na swali dogo. Wapigachapa wawili wanachapa sura mbili za kitabu, kila mmoja chumba chake. Wa kwanza hukosea kwa wastani mara 1 katika sura, wa pili mara 2, na idadi ya makosa ya kila mmoja inafuata mgawanyo wa Poisson, ule aliouandika Mfaransa Siméon Denis Poisson mwaka 1837 kwa ajili ya matukio ya nadra:

```
P(X = k) = e^(-λ) λ^k / k!
```

Hapo X ni idadi ya makosa, na λ ni wastani wake. Je, makosa ya sura zote mbili kwa pamoja nayo yanafuata mgawanyo huohuo? Kwamba wastani wa jumla ni 3 sikuwa na shaka. Lakini wastani hausemi umbo. Migawanyo mingi mno ina wastani wa 3.

Nikaenda kwa mkono. Jumla ya makosa 2 hupatikana kwa njia tatu: 0 na 2, 1 na 1, au 2 na 0. Nilizidisha uwezekano wa kila jozi, nikatoa e^(-3) nje, ndani zikabaki 2 + 2 + 0.5, yaani 4.5. Nayo Poisson ya wastani 3 inadai 3^2/2!, ambayo ni 4.5 ileile, uwezekano wenyewe ni kama 0.224. Nikajaribu jumla ya 3, sasa njia nne, nayo ikakubali. Nilifurahi, ila mifano miwili si uthibitisho, na kadiri jumla inavyokua ndivyo njia zinavyoongezeka.

Kilichonitoa hapo ni fanksheni zalishi. Unachukua kila uwezekano, unauzidisha kwa s iliyopandishwa kipeo cha idadi yake, kisha unajumlisha zote:

```
G(s) = P(X=0) + P(X=1) s + P(X=2) s^2 + ...
```

Kwa siku kadhaa nilihangaika kutafuta s inapima nini. Haipimi kitu. Kazi yake ni kubeba idadi kwenye kipeo, na siri yote imo humo: s^j ikizidishwa na s^k inakuwa s^(j+k). Ukizidisha fanksheni mbili, vipeo vinajumlika vyenyewe, na zile njia tatu nilizozihesabu kwa mkono zinajikusanya zote mbele ya s^2 bila wewe kuzitafuta.

Ukiingiza Poisson humo, mfuatano λ^k s^k / k! ni ule wa e^(λs), kwa hiyo

```
G(s) = e^(-λ) e^(λs) = e^(λ(s-1))
```

Kwa wapigachapa wetu tunapata e^(s-1) na e^(2(s-1)). Kwa kuwa makosa ya mmoja hayategemei ya mwenzake, fanksheni ya jumla ni zao la hizo mbili, yaani e^(3(s-1)). Ukiweka λ na μ mahali pa 1 na 2, unapata e^((λ+μ)(s-1)) kwa mstari uleule. Hiyo ndiyo fanksheni ya Poisson yenye wastani λ+μ.

Nilipoandika hivyo nikaweka kalamu chini. Mwalimu alinirudishia karatasi, akiwa ameandika pembeni: "Umejuaje kwamba hakuna mgawanyo mwingine wenye fanksheni hii?" Alikuwa na haki. Jibu ni kwamba mfuatano wa vipeo vya s unakuwa na thamani kamili kila s inapokuwa kati ya -1 na 1, na mifuatano miwili ya namna hiyo ikilingana kuizunguka sifuri, basi namba zilizo mbele ya kila kipeo nazo zinalingana, moja kwa moja. Namba hizo ndizo uwezekano wenyewe. Bila sentensi hiyo uthibitisho haujafungwa.

Hatua ya kuzidisha ndiyo inayovunjika kwa urahisi. Tuseme mpigachapa wa pili ananakili ukurasa wa wa kwanza pamoja na makosa yake yote. Sasa jumla ni X + X, na kila s^k inageuka s^(2k), hivyo fanksheni ni e^(λ(s^2-1)), si e^(2λ(s-1)). Ndani yake hamna kipeo chochote cha witiri: jumla ya makosa 3 haiwezi kutokea kamwe. Mtawanyiko, yaani wastani wa mraba wa umbali wa kila idadi kutoka kwenye wastani, nao unasaliti. Katika Poisson huwa sawa na wastani, lakini hapa wastani ni 2λ na mtawanyiko ni 4λ. Tangu hapo, nikiletewa hesabu za matukio ya nadra zilizojumlishwa, kwanza ninalinganisha namba hizo mbili. Mtawanyiko ukiuzidi wastani kwa mbali, narudi kuuliza kama kweli sehemu zake hazitegemeani.