Nilivyomshtaki mwajiri ambaye mahakama ya nchi haimgusi

Barua niliipokea tarehe 3 Oktoba. Ilikuwa na aya moja: mkataba wangu wa muda maalumu, unaokwisha 31 Desemba, hautaongezwa kwa sababu utendaji wangu haujaridhisha. Nilikuwa na miaka sita katika shirika lile la kimataifa, na fomu ya tathmini ya mwaka ule ilikuwa bado kwa msimamizi wangu, sehemu yake haijaandikwa hata neno.

Nikafanya ambalo wengi wangefanya, nikatafuta wakili wa mambo ya kazi. Hakuwa mtu mbaya, ila hajawahi kushika kesi ya shirika la aina hii. Akafungua shauri mahakama ya kazi. Shirika halikuleta utetezi wala kutuma mtu. Liliandika noti kwa Wizara ya Mambo ya Nje, wizara ikaifikisha mahakamani, na siku ya kutajwa hakimu akatusomea: mwajiri ana kinga, mahakama haina mamlaka ya kumsikiliza mlalamikaji. Dakika kumi, tumetoka. Kama nilionewa au sikuonewa, hakuna aliyeuliza.

Nilikasirika sana, lakini baadaye nilikuja kuielewa kinga ile. Imo kwenye mkataba ulioanzisha shirika na kwenye makubaliano yake na nchi mwenyeji. Shirika ni la nchi nyingi. Mahakama za nchi moja zikiweza kuliamuru limwajiri nani na limwache nani, basi nchi hiyo imepata mkono ndani ya shirika ambao nyingine hazina. Tena kuna suala la sheria yenyewe: ofisi zetu zimetapakaa, na watu wawili wa cheo kimoja wangejikuta wana haki tofauti kwa sababu tu mmoja amepangiwa kituo hiki na mwingine kile. Ndiyo maana mkataba wangu haukutaja sheria ya kazi ya nchi yoyote. Ulitaja kanuni za watumishi za shirika, basi.

Lakini kinga bila mlango mwingine ni kumfungia mtu nje. Hilo Mahakama ya Kimataifa ya Haki ililigusa mwaka 1954, ilipotoa maoni kwamba Umoja wa Mataifa ulikuwa na uwezo wa kuunda mahakama ya watumishi wake, na kwamba Baraza Kuu halikuwa na haki ya kukataa kutekeleza fidia iliyotolewa na mahakama hiyo. Mwaka 1999 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika kesi ya Waite na Kennedy dhidi ya Ujerumani, iliikubali kinga ya Shirika la Anga la Ulaya, na jambo kubwa lililopimwa ni kama walalamikaji walikuwa na njia nyingine ya maana ya kudai haki yao. Mlango ulikuwepo. Na mimi nilikuwa nao, ila sikuwa nimeugonga.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja wa chama cha wafanyakazi, tarehe 26 Novemba. Hakuuliza habari ya kesi. Aliuliza, "Barua uliipokea lini?" Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, akasema, "Kaka, una siku sita." Kanuni zetu zilitoa siku 60 za kuomba uamuzi upitiwe upya, na kwenda mahakama ya nchi hakusimamishi saa hiyo hata kidogo. Nikaandika usiku huo huo, nikapeleka tarehe 30.

Siku za hatua hii zinatofautiana shirika hadi shirika, kwa hiyo soma kanuni zako mwenyewe, usichukue zangu. Mwendo wenyewe ndio unaofanana. Unaomba uamuzi upitiwe. Ukikataliwa, unakwenda baraza la rufaa la ndani. Baraza linatoa mapendekezo, na mkuu wa shirika ndiye anayeamua. Baraza letu lilichukua karibu mwaka mzima, likapendekeza nilipwe. Mkuu akakataa. Barua yake niliipata 17 Februari, na huo ndio uamuzi wa mwisho ambao Mahakama ya Utawala ya Shirika la Kazi Duniani, kule Geneva, inaukubali. Mahakama hiyo mizizi yake ni ile ya Shirikisho la Mataifa ya mwaka 1927, na leo mashirika mengi yaliyo nje ya Shirika la Kazi yameikubali, letu likiwa mojawapo. Sheria yake inatoa siku 90. Kwangu zilikuwa zinaisha 18 Mei, nikapeleka malalamiko 9 Mei.

Hapa kuna mtego ambao nusura unimeze. Wakati baraza likisuasua, mwenzangu aliniambia niruke moja kwa moja, kwa kuwa shirika likinyamaza siku 60 unahesabiwa umekataliwa. Ni kweli sheria inasema hivyo, lakini kwa madai ambayo shirika halijayafanyia uamuzi wowote. Mahakama imesema mara nyingi kwamba kuyapeleka madai kwa chombo kinachohusika kabla ya siku hizo kwisha nako ni uamuzi. Ombi langu lilikuwa limejibiwa na rufaa imeshafika kwa baraza. Ningeruka, malalamiko yangetupwa kwa kuwa sijamaliza njia za ndani.

Kuandika malalamiko ndiko kulikonifunza zaidi. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa kurasa nyingi za kueleza jinsi nilivyokuwa mchapakazi. Dada yule akazikata karibu zote. Mahakama hii haikai kwenye kiti cha bosi. Kuongeza mkataba au kutouongeza ni hiari ya mkuu wa shirika, na majaji wanaingilia pale tu aliyeamua hakuwa na mamlaka, utaratibu ulipovunjwa, sheria au ukweli ulipokosewa, jambo la msingi liliporukwa, hitimisho lilipopotoka waziwazi kutoka kwenye ushahidi, au madaraka yalipotumika vibaya. Kwa hiyo tukabaki na hoja moja: huwezi kumwacha mtu kwa utendaji mbaya wakati tathmini ambayo kanuni zako mwenyewe zinaidai hukuifanya. Ushahidi mkuu ukawa picha ya ile fomu kwenye mfumo, sehemu ya msimamizi ikiwa tupu, na tarehe ikionekana.

Baada ya hapo ni maandishi tu. Shirika likajibu, nikajibu jibu lao, wakajibu tena. Sikupanda ndege wala kusimama mbele ya jaji, kwani kusikilizwa ana kwa ana ni nadra sana. Lugha ni Kiingereza au Kifaransa, na wakili si lazima. Kutoka kupeleka hadi hukumu ilipita miaka miwili na ushee, na muda wote huo nilikuwa nimeshapata kazi kwingine.

Hukumu ilifuta uamuzi wa kutoniongezea mkataba. Kurudishwa kazini sikupewa, na kwa mtu wa mkataba wa muda ni jambo la nadra. Nililipwa fidia ya nafasi niliyopoteza ya kuongezewa muda, fidia ya usumbufu, na gharama. Shirika lililipa, maana hukumu hizi hazina rufaa.

Zinachapishwa hadharani pia. Jina langu halimo, zimo herufi zake za mwanzo tu. Wakili wangu wa kwanza niliwahi kumtumia nakala. Akanipigia kuniuliza zile siku 90 zinahesabiwa tangu tarehe ya barua au tangu siku ya kuipokea. Nikamwambia: tangu siku ya kuipokea, na tunza ushahidi wa siku hiyo.