Nilivyokata tiketi ya Kigali huku tarehe za kongamano zikiwa bado hewani

Barua ya mwaliko ilitaja tarehe, kisha chini yake ikasema tarehe hizo zinaweza kusogezwa kutegemea ukumbi. Kongamano lilikuwa la wasambazaji wa vifaa vya maabara, Kigali, nami nafanya kazi Dar es Salaam. Sentensi hiyo sikuipuuza. Mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola ulipangwa kufanyika Kigali mwaka 2020, ukaahirishwa mara mbili kwa sababu ya korona, ukafanyika Juni 2022. Kama mkutano wa marais unaweza kuchelewa miaka miwili, wa kwetu ni nani?

Nilipofungua tovuti ya shirika la ndege nilikuta nauli tatu za kwenda na kurudi kwa ndege ileile. Ya chini dola 318, ya kati dola 389, ya juu dola 527. Maelezo mafupi yaliyokuwa pembeni ya bei hayakunitosha, nikafungua masharti kamili ya nauli. Humo nilitafuta mambo matatu: kubadili tarehe, kurejeshewa fedha, na adhabu ya abiria asiyetokea, ambayo kwenye skrini huandikwa NO SHOW. Kila jambo lina sharti lake kabla ya safari kuanza na lingine baada ya kuanza, na yote mawili yanafaa kusomwa.

Nauli ya chini iliruhusu kubadili tarehe kwa dola 75, lakini fedha hazirudi, isipokuwa baadhi ya kodi za uwanja wa ndege. Ya kati ilibadilishwa bila ada, ila ukitaka fedha zako unakatwa dola 120. Ya juu ilirudisha nauli yote, mradi uifute kabla ndege haijaondoka.

Wengi wetu huishia kwenye ile ya kati tukiona "kubadili bure" kunatosha. Kunatosha kama kiti cha daraja lilelile la bei bado kipo siku unayoitaka. Kama viti hivyo vimekwisha, unalipa tofauti ya nauli, na kongamano likisogezwa watu wengi hukimbilia ndege zilezile kwa wakati mmoja. Tena tiketi kwa kawaida hudumu mwaka mmoja tangu itolewe. Tukio likisogea kupita hapo, haki ya kubadili tarehe inakuwa haina pa kuishika.

Mhasibu wetu aliniuliza swali la haki kabisa: "Kaka, kuna tiketi ya 318, mbona unaniletea ya 527?" Nilikaa naye tukapiga hesabu. Tukikata ya chini na tarehe ikahama, tunalipa 318, tunaongeza ada ya 75, halafu tofauti ya nauli. Tuliikadiria tofauti hiyo kuwa dola 90, jumla 483. Kongamano likifutwa, karibu 318 yote imepotea. Tukikata ya juu, dola 527 ni kama amana. Siku waandaaji watakapothibitisha tarehe tunaifuta, fedha zinarudi, tunanunua ya bei ya chini ikiwa bado ipo. Ikiwa haipo, tunabaki na tiketi tuliyo nayo, na hasara yetu kubwa kuliko zote ni dola 209 za ziada. Nilimwonyesha pia gharama ambayo haimo kwenye bei: kwa majuma kadhaa tutakuwa tumelipia tiketi mbili kwa pamoja, maana marejesho hayaji siku unayoomba. Akaangalia fedha zilizokuwapo, akaidhinisha.

Nilinunua moja kwa moja kwenye tovuti ya shirika. Nawaheshimu mawakala na huwatumia kwa safari zenye ndege nyingi, lakini tiketi ya wakala kwa kawaida hurejeshwa kupitia kwa wakala huyohuyo, na ada yake ya huduma mara nyingi hairudi. Kiti cha kuchagua sikukilipia, wala mzigo wa ziada. Hayo huwa na masharti yake yenyewe, na nauli kuwa ya kurejeshwa hakuyafanyi nayo yarudi.

Jambo jingine nililolisimamia ni kwamba kwenda na kurudi vyote viwe vya nauli ileile. Mwenzangu wa Nairobi aliyekuwa akienda kongamano hilohilo alichanganya, kwenda ya juu na kurudi ya chini, apunguze gharama. Mara nyingi nauli mbili zikiwa kwenye tiketi moja, sharti kali kuliko yote ndilo linaloitawala tiketi nzima. Ndivyo ilivyomkuta alipoomba fedha: lile fungu aliloliongezea fedha halikumkinga.

Hoteli haikunisumbua. Nilichukua bei inayoruhusu kufuta, nikaandika muda wa mwisho kwa saa za Kigali, ambayo iko saa moja nyuma ya Dar.

Kongamano likahamishwa kweli, likasogezwa mbele majuma matatu. Kabla sijaigusa tiketi ya zamani nilitazama bei za tarehe mpya: nauli ya chini ilikuwa dola 342. Waandaaji walikuwa wameshasaini mkataba wa ukumbi na kututumia ratiba ya vikao, kwa hiyo sasa niliridhika kuchukua isiyorejeshwa. Niliinunua kwanza, ndipo nikaifuta ya zamani. Mpangilio huo uliwezekana kwa kuwa tarehe zilikuwa tofauti. Ingekuwa ndege ileile siku ileile nisingethubutu, kwa sababu mashirika hukagua majina yaliyojirudia na yanaweza kufuta nafasi moja, nawe huchagui ipi.

Kuna waliokwama hapa: kufuta nafasi si kuomba fedha. Kufuta kunaachia kiti, na kunakuokoa usihesabiwe kuwa hukutokea. Fedha huombwa kwa hatua ya pili, kwa namba ya tiketi yenye tarakimu 13, ambayo tatu za mwanzo ni za shirika lenyewe. Ile namba fupi ya herufi sita ni ya nafasi uliyoshika. Nilijaza fomu siku hiyohiyo, nikahifadhi namba ya ombi pamoja na picha ya skrini ya masharti kama yalivyokuwa siku ya kununua.

Kuna aliyenishauri niibadilishe tiketi ya zamani iwe ya bei ya chini kwa tarehe mpya, ili shirika lirudishe tofauti. Nilikataa, kwani tiketi ikitolewa upya kwa nauli isiyorejeshwa, fedha zilizokuwa huru zinaingia kwenye masharti magumu. Njia ya kinyume nayo haisaidii. Ukianza na isiyorejeshwa ukaipandisha, kile kiasi cha mwanzo kwa kawaida hubaki hakirejeshwi.

Marejesho yaliingia kwenye kadi ileile ya kampuni iliyolipa. Dola 527 zilikuwa kamili, lakini kadi yetu ni ya shilingi, na benki ilibadilisha kwa kiwango cha siku ya kurudisha. Kiasi kilichoingia hakikulingana na kilichotoka, na mhasibu akaniita. Nilimpelekea risiti zote mbili za dola na taarifa ya benki, akaiandika tofauti hiyo kwenye mabadiliko ya fedha za kigeni badala ya gharama ya safari. Safari yenyewe ikabaki kwenye vitabu kwa dola 342.