Nusu nyuzi zilizopeperushwa na pangaboi

Nafundisha kemia Temeke. Muhula uliopita niliamua wanafunzi wangu wa kidato cha tano wapime wenyewe joto litokalo asidi inapobatilishwa na besi. Kemikali zilikuwepo. Kalorimita, chombo cha kupimia joto la mmenyuko, haikuwepo, kwa hiyo nilipitia Kariakoo nikanunua vikombe vyeupe vya povu gumu, vile vya chai ya kubeba.

Mara ya kwanza tulifanya kirahisi. Sentimita za ujazo 50 za asidi hidrokloriki ya moli 1.0 kwa lita ziliingia kikombeni, zikafuata 50 za sodiamu haidroksaidi ya moli 1.1. Besi niliiongezea nguvu makusudi. Chembe zake hunyonya unyevu, na kwa hewa ya Dar hulowa ukiwa bado unazipima, kwa hiyo nilitaka asidi ndiyo iishe na ndiyo iamue hesabu. Tukasoma kilele cha joto: kutoka nyuzi 29.4 hadi 34.9. Kupanda kwa 5.5, mara gramu 100 za mchanganyiko, mara 4.18, yaani jouli zinazopandisha gramu moja ya maji kwa nyuzi moja, unapata jouli 2,299. Ukigawa kwa moli 0.05 zilizobatilishwa, ni kilojouli 46 kwa moli. Vitabu vya sekondari vinasema 57.3.

"Mwalimu, labda asidi imechakaa," alisema mmoja. Mimi nilitazama juu. Pangaboi lilikuwa linazunguka kwa kasi yote, na kikombe kilikuwa wazi.

Siku ya pili tulizima pangaboi, tukapachika kikombe ndani ya kingine, tukakifunika kwa kadibodi yenye tundu la kipimajoto. Besi nayo tuliiyeyusha tangu jana yake. Ikiyeyuka hutoa joto jingi, na ukiitumia ingali vuguvugu utahesabu joto lisilokuwa la mbatilishano. Zote mbili zilisoma 29.4 kabla ya kuchanganywa.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye saa. Tulisoma joto la asidi kila dakika kwa dakika tatu, tukamimina besi yote kwa mkupuo dakika ya tatu kamili, tukakoroga polepole na kuendelea kusoma. Dakika ya tano ilikuwa 35.6, ya sita 35.4, ya saba 35.2, na ikaendelea kushuka hivyo hivyo hadi 34.6 dakika ya kumi.

Hiyo 35.6 si kilele cha kweli. Asidi na besi humalizana papo hapo, lakini mchanganyiko na kipimajoto huchukua muda kufikia joto moja, na muda wote huo kikombe kinavujisha joto. Kwa hiyo tulichora grafu, tukaweka rula juu ya nukta za kushuka, tukaurefusha mstari nyuma hadi dakika ya tatu. Ulikata kwenye 36.0. Hapo ndipo joto lingefika kama lisingepotea hewani hata kidogo. Nukta za kabla ya dakika ya tano tuliziacha nje ya mstari, kwa sababu hapo joto lilikuwa bado halijatulia. Kupanda kukawa 6.6, na jibu kilojouli 55.2.

Mstari huo unarudisha joto lililokwenda hewani tu. Lililopasha kikombe na kipimajoto haulioni. Kulipata, tulitia gramu 50 za maji ya nyuzi 29.4 kikombeni, tukaongeza gramu 50 za nyuzi 45.4. Yangetakiwa kukutana kwenye 37.4, ila hata baada ya kurefusha mstari tulipata 37.2. Maji ya moto yalitoa jouli 1,714, ya baridi yakapokea 1,630. Jouli 84 zilizobaki ukizigawa kwa kupanda kwa nyuzi 7.8, kikombe kinameza kama jouli 10.7 kwa kila nyuzi. Kwa kupanda kwetu kwa 6.6 hizo ni jouli 71, na jibu likafika 56.6.

Hapa msijisifu haraka. Kosa la nyuzi 0.1 tu katika kusoma hiyo 37.2 hubadili hesabu ya kikombe kwa karibu nusu, ndiyo maana tuliirudia mara tatu. Kosa hilo hilo kwenye 36.0 huyumbisha jibu kwa karibu kilojouli 0.8. Kwa kipimajoto cha shule, tarakimu ya baada ya nukta usiiamini sana.

Yule aliyeilaumu asidi hakuridhika. Akawasha pangaboi, akaondoa kifuniko, akarudia kila kitu akiandika dakika. Kilele chake kilikuwa 35.1, nusu nyuzi chini ya chetu, na joto lilishuka 0.4 kila dakika, mara mbili ya letu. Alipourefusha mstari wake hadi dakika ya tatu, ulikata kwenye 35.9.