Siku moja maishani mwangu: fomu ya mteja na goti la "kidogo tu"

Saa 12 asubuhi niko gym hapa Sinza na wateja wawili wa siku zote, hao hawana jipya.

Saa 3 nakunywa chai, nafungua simu, nakuta fomu ya mama mmoja wa miaka 43. Lengo kupunguza kilo 10 kwa miezi miwili, atafanyia nyumbani siku 5 kwa wiki, vifaa anavyo dambeli mbili za kilo 5 na ule mpira wa kuvuta. Kwenye majeraha kaandika "hakuna, goti la kulia kidogo tu". Hiyo "kidogo tu" huwa siiachi ipite, mtu akisoma majeraha anawaza ajali na plasta, goti linalomsumbua mwaka mzima halihesabu.

Saa 4 nampigia. "Shikamoo mama." "Marahaba kocha." Goti linauma lini hasa? Akishuka ngazi, na akikaa sana kwenye daladala. Linavimba, linakwama, au linalegea ghafla ukitembea? Hapana zote, angesema ndiyo hata moja ningemwambia aanzie kwa daktari. Nikauliza na dawa, kumbe anameza za presha! Hakuandika kwa sababu fomu iliuliza ugonjwa na yeye anaona presha yake imetulia. Kapima wiki iliyopita iko sawa na daktari kamruhusu mazoezi, ila swali la dawa nimeliongeza kwenye fomu hapo hapo.

Saa 7 ndo naandika. Siku 5 nimezikata zikawa 3, maana anafika nyumbani saa 1 usiku na akianza kukosa siku atakata tamaa. Kukaa na kusimama kwenye kiti, kulala chali na kuinua kiuno, kuvuta mpira uliofungwa kwenye nondo za dirisha, pushapu mikono ikiwa mezani. Kila moja seti 2 za mara 10, aache akiona bado angeweza mbili tatu. Presha hiyo asibane pumzi, aitoe anaponyanyua. Kuruka hakuna kwa sasa. Dambeli za kilo 5 zitakuwa nyepesi kwenye zoezi la kuinua kiuno mapema tu, zikizidi wepesi ashuke taratibu kwa sekunde 3 kabla hatujafikiria kununua kitu.

Saa 2 usiku video kol, tunajaribu. Kwenye kiti anasema maumivu 4 kati ya 10, nikamwambia aweke mto juu ya kiti asishuke sana, yakawa 2. Maumivu mpaka 3 tunaendelea, ila asubuhi goti likiamka baya kuliko kawaida yake, siku inayofuata tunapunguza.

Saa 3 namtumia programu, na kwamba tutegemee kama nusu kilo kwa wiki na hapo chakula nacho kiwemo, so miezi miwili ni kilo 4 hivi.

Kajibu: "Sawa kocha, ila gauni la harusi nishashonesha."

Harusi? Fomu nzima hakuna harusi.