Nilivyobadilisha anga la picha ya jengo bila vioo na kuta kuniumbua

Picha ilikuwa ya jengo la ghorofa tano lililopigwa kwa pembeni, kona yake ikiwa karibu katikati ya fremu. Upande wa kushoto ni ukuta wa plasta uliopakwa rangi nyeupe. Upande wa kulia ni vioo kutoka chini hadi juu, vimegawanywa na fremu nyembamba za alumini. Nyuma yake kulikuwa na anga jeupe tupu, la siku ambayo mawingu yamefunika kila kitu. Kulitoa anga hilo na kuweka jingine ni kazi ndogo kwa mtu aliyezoea Photoshop. Muda mwingi unaenda kwenye vioo na kuta, kwa sababu siku kama hiyo anga ndilo taa iliyomulika picha nzima. Ukibadilisha taa, kila ilichokimulika lazima kibadilike nayo.

Kabla ya kuchagua anga jipya nilipima lililokuwepo. Nilichukua Eyedropper, nikaweka Sample Size kwenye 11 by 11 Average ili chembechembe za picha zisinidanganye, kisha nikasoma namba kwenye paneli ya Info. Anga lilisoma 244 kwenye rangi zote tatu, ukuta mweupe ukasoma 196. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kazi nzima. Chini ya mawingu mazito, ukuta mweupe huwa na giza kuliko anga, maana mwanga wake wote umetoka huko juu. Siku ya jua kali mambo hugeuka: ukuta mweupe unaopigwa na jua hung'aa kuliko anga la bluu lililo nyuma yake. Kwa hiyo ukibandika anga la bluu nzito, tuseme lenye wastani wa 130, nyuma ya ukuta wa 196, picha inamwambia mtazamaji kwamba jua linaupiga ukuta ule. Macho yake yanatafuta kivuli cha baraza na cha fremu za madirisha, hayakioni, na papo hapo anajua kuna kitu kimechezewa, hata asipoweza kukitaja.

Ndiyo maana sikugusa anga lenye jua wazi. Nilichagua la jioni, jua likiwa chini upande wa kushoto lakini limefichwa na wingu, huku bluu ikionekana kati ya mawingu mepesi. Karibu na upeo lilisoma kama 222, 228, 234, na juu kabisa 150, 178, 214. Nyuma ya sehemu kubwa ya ukuta anga bado linauzidi ukuta kwa mwanga, kwa hiyo kukosekana kwa vivuli vikali kunaeleweka. Vilevile lilipigwa kwa lenzi ya upana uleule na kamera ikitazama urefu uleule juu ya upeo. Anga lililopigwa kamera ikiwa imeinuliwa juu sana halina ule weupe wa chini, na likiwekwa nyuma ya jengo huonekana kama pazia.

Kingo za jengo nilizikata kwa Pen Tool, si kwa kuchagua kwa rangi, kwa kuwa ukuta mweupe na anga jeupe hushikana. Njia niliipitisha pikseli moja ndani ya ukingo na maski nikailainisha nusu pikseli. Ukipita juu ya ukingo wenyewe utabakiwa na uzi mweupe unaozunguka jengo, ambao haukuonekana kwenye anga la zamani lakini kwenye bluu unang'aa.

Mti uliosimama mbele ya kona ya kushoto haukatiki kwa kalamu. Hapo niliweka nakala ya anga jipya juu ya picha kwa modi ya Multiply. Modi hiyo huzidisha rangi za tabaka mbili: penye nyeupe hupita anga jipya, penye jani jeusi hubaki jeusi, na ncha za majani zilizochanganyika na mwanga hupata mchanganyiko wake sahihi. Kuna sharti moja. Anga la zamani lingekuwa 255 hesabu ingekaa sawa, lakini lilikuwa 244, na bila marekebisho sehemu hiyo ingetoka na giza kidogo kuliko anga la pembeni yake. Nilibandika Levels kwenye nakala ile pekee na kusogeza mshale wa nyeupe hadi 244. Baada ya hapo, mahali mti unapoishia na anga lililokatwa linapoanza hapakuonekana mpaka.

Sasa vioo. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kuchukua anga lilelile alilobandika nyuma ya jengo, akaligeuza juu chini, akalivuta lifuate mwinamo wa ukuta wa vioo, kisha akalififisha. Karibu kila hatua hapo imekosewa. Kugeuza juu chini ni kwa maji au sakafu iliyolowa. Kioo kilichosimama wima hakibadilishi urefu wa kitu juu ya upeo, hubadilisha kushoto na kulia tu. Kioo cha ghorofa ya juu, unachokitazama ukiwa umeinua macho, kinakuonyesha anga la juu, lenye bluu nzito. Kioo cha chini kinakuonyesha anga la karibu na upeo, jeupe zaidi, au kilichosimama mkabala na jengo. Kwa hiyo bluu ya vioo lazima ikolee kadiri unavyopanda, kama anga lenyewe linavyofanya.

La pili, vioo vile haviakisi anga lililo nyuma ya jengo. Jengo lingenitazama uso kwa uso, vingeakisi anga lililo nyuma ya mgongo wangu. Hapa niliviona kwa mshazari, mstari wa macho ukifanya takriban nyuzi 60 na mstari unaotoka kwenye kioo kwa pembe mraba. Mwakisiko basi unatoka kwenye anga lililo nyuzi 60 kulia kwa mwelekeo wa kamera, yaani nje kabisa ya fremu na mbali na jua la kushoto. Huko mawingu hayana ule ung'avu wa upande wa jua. Kwa sababu hiyo, ninapopiga anga za akiba sipigi fremu moja. Napiga pande nne mfululizo kwa mipangilio ileile ya kamera. Nilichukua ile ya kulia, nikaipindua kwa Flip Horizontal, nikaipanga ili upeo wake ukae sawa na upeo wa picha.

Sikuivuta kufuata mwinamo wa ukuta. Anga liko mbali mno, na ndani ya kioo bapa mawingu huonekana kwa ukubwa uleule wa mawingu halisi. Kioo hufanya kazi ya dirisha linalofunguka upande mwingine: fremu zake zinafuata mwinamo wa jengo, lakini kinachoonekana ndani hakiufuati.

Ila ukuta wa vioo hauwi bapa kikamilifu. Kioo kimoja kikiinama nusu nyuzi kuliko jirani yake, mwakisiko wake unahama nyuzi nzima, kwa kuwa uakisi huzidisha mwinamo mara mbili. Kwenye picha ya pikseli 6000 kwa upana, iliyopigwa kwa lenzi inayoona nyuzi 60, nyuzi moja katikati ya fremu ni kama pikseli 90. Hiyo si hitilafu ndogo. Ukingo wa wingu unakatika waziwazi kati ya kioo na kioo. Kwa vioo vikubwa vya mbele nilikata tabaka la mwakisiko kioo kwa kioo nikasogeza kila kipande pikseli 20 hadi 80, vingine juu, vingine kando. Vile vidogo vya mbali niliviacha. Wingu linalopita juu ya vioo thelathini bila kukatika hata mara moja ndilo linalonifanya nishuku picha za wengine.

Modi ya tabaka hili nayo ni Multiply, na Levels ileile ya 244. Vioo vilikuwa vimeakisi anga jeupe lisilo na umbo, hivyo kila pikseli tayari ina kiasi sahihi cha mwakisiko. Kinachokosekana ni rangi na umbo la mawingu. Kioo cha juu kilichosoma 150 kwenye rangi zote tatu, chini ya anga la 150, 178, 214, kilitoka takriban 92, 109, 132. Namba hizo zinatisha ukiziona peke yake, lakini ndizo sahihi: anga limepungua mwanga, kioo kimepungua kwa uwiano uleule. Faida nyingine ya njia hii ni kwamba haihitaji kukisia kioo kinaakisi kiasi gani. Kioo cha kawaida ukikitazama moja kwa moja huakisi karibu asilimia 8 tu ya mwanga, na kiasi hicho hupanda sana ukikitazama kwa mshazari mkali. Tofauti hiyo, picha ya awali ilishaibeba.

Multiply haijui lililo ndani ya chumba. Taa zilizowaka na mapazia meupe nyuma ya kioo vilipata bluu visivyostahili, nikavifuta kwenye maski kwa brashi laini ya asilimia 60 hadi 70. Sikufuta yote, maana hata mbele ya pazia kioo bado kinaakisi kidogo.

Kuta nilizigawa kwa mwelekeo, kila upande na maski yake. Kwa kila maski niliweka Curves mbili: moja kwa modi ya Color inayoshughulikia rangi, nyingine kwa Luminosity inayoshughulikia mwanga. Kuzitenganisha kunazuia ukuta kung'aa kila unapoongeza wekundu. Ukuta wa kushoto, uliotazama jua lililofichwa, niliupeleka 204, 197, 186. Nguzo nyeupe zilizotazama kulia, zinazopata anga la bluu pekee, nilizishusha hadi 172, 178, 188. Kingo za madirisha zinazotazama juu zilipata bluu kidogo zaidi. Chini ya baraza sikutia bluu kabisa, kwani mwanga wa pale unapanda kutoka ardhini na una rangi ya ardhi hiyo.

Kukagua, niliweka tabaka la Black & White juu ya yote. Bila rangi, upande uliopungukiwa mwanga unajitokeza mara moja, na hapo niliona nguzo za mwisho zikiwa nyeusi mno, nikapunguza nguvu ya ile Curves ya Luminosity. Kisha nikatazama anga kwa asilimia 100. Lilikuwa laini kuliko jengo, nikaongeza Add Noise ya asilimia 1.5, Gaussian na Monochromatic, faili ikiwa bado kwenye biti 16 ili bluu isikatike michirizi.